Mkopo wa kikundi: sehemu yako ya salio ni ngapi, na benki inaweza kukudai ngapi

Kikundi cha akiba kikishachukua mkopo benki kila mwanachama anakuwa na namba mbili kichwani, ila wengi wanajua moja tu. Ya kwanza ni sehemu yake, yani ile hela aliyochukua yeye toa alicholipa. Ya pili ni ile ambayo benki inaweza kumfuata yeye aitoe mambo yakiharibika, na hii mara nyingi ni kubwa kuliko ya kwanza, wakati mwingine ni deni lote la kikundi. Ugomvi mwingi wa vikundi unaanzia hapo, mtu anasema "mimi nilishamaliza sehemu yangu", anasema ukweli kabisa, na bado benki inampigia simu.

Sasa tuzichambue hizi mbili kwa mfano mmoja wenye namba, tuone unavyoweza kukaa na daftari la kikundi na stetimenti ya benki ukajua kila mtu anadaiwa ngapi mpaka shilingi ya mwisho, halafu ujue umesaini nini.

Kitu cha kwanza cha kuelewa, benki haina habari na sehemu yako. Kwenye mfumo wao kuna mkopo mmoja, akaunti moja, jina la kikundi, salio moja. Ile orodha mliyopeleka yenye majina na kiasi ambacho kila mmoja atapata, benki iliitumia kuamua kama iwape au isiwape, labda imeiambatanisha kwenye mkataba, lakini marejesho yakiingia hayaingii kwa jina lako, yanaingia kwenye mkopo wa kikundi. Kwa hiyo ukienda kaunta kuuliza "mimi nadaiwa ngapi" watakupa salio la kikundi, na hawakufichi kitu, ndiyo namba pekee waliyonayo. (Zipo taasisi zinazofungua mkopo mdogo kwa kila mwanachama ndani ya kikundi, huko hesabu ni rahisi, ila hata huko kipengele cha kudhaminiana kinabaki palepale.) Namba ya kila mtu inatakiwa itoke kwenye daftari lenu, na daftari ni sahihi pale tu ambapo jumla ya sehemu zote inalingana na salio la benki bila kupungua wala kuzidi.

Karatasi unazohitaji mezani sio nyingi. Mkataba wa mkopo wenyewe pamoja na fomu za dhamana mlizosaini, ratiba ya marejesho, stetimenti ya akaunti ya mkopo (sio ya akaunti ya akiba, watu wanachanganya sana hizi mbili), orodha ya mgao, na muhtasari wa kikao kilichopitisha mkopo. Kama mhazini anakwambia stetimenti ya mkopo haipo, mwambie aombe, viongozi wenye saini wana haki ya kuipata. Msikubali kufanya hesabu kwa kutumia risiti za kulipia tu, mana risiti inaonyesha mlichopeleka, haionyeshi benki ilikigawaje baada ya kukipokea, na hapo ndipo siri yote ilipo kama utakavyoona.

Mfano wetu huu hapa. Kikundi kina watu 8, tuwaite A mpaka H. Mkopo ni 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, na kila mwezi wanalipa 100,000 ya deni la msingi pamoja na riba ya mwezi huo. Hela iligawiwa hivi: A 300,000, B 240,000, C 180,000, D 180,000, E 150,000, F 150,000. G na H hawakuchukua chochote, walisema wao wanaweka akiba tu. Lakini fomu ya dhamana walisaini wote 8, kwa sababu afisa mikopo alisema bila saini za wanachama wote mkopo hautoki. Sarafu weka yoyote unayotumia, hesabu haibadiliki.

Kabla ya kwenda mbali kuna mtego wa siku ya kwanza kabisa. Tuseme benki ilikata ada ya asilimia 2 juu kwa juu, ikaingiza kwenye akaunti 1,176,000 badala ya 1,200,000. A akapewa mkononi 294,000 na mhazini akaandika kwenye daftari "A anadaiwa 294,000", na wengine vilevile. Siku hiyohiyo daftari limeshapishana na benki kwa 24,000, na itaonekana mwishoni kabisa pale kila mtu anapodhani amemaliza na benki inasema bado. Deni la A ni 300,000. Ile 6,000 iliyokatwa ni gharama ya mkopo wake na anailipa kama sehemu ya deni. Kwa hiyo ukikagua, anza na hii, jumlisha mgao wote kwenye daftari uone kama unafika kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, sio kiasi kilichoingia kwenye akaunti.

Pia hakikisha ni riba ya aina gani. Kwenye salio linalopungua mkopo huu unazaa riba ya 156,000 mpaka mwisho. Ingekuwa ya flati, yani asilimia 2 ya 1,200,000 kila mwezi hata kama deni limeshashuka, ni 24,000 mara 12, unapata 288,000. Asilimia 2 hiyohiyo imetajwa mdomoni, tofauti ni 132,000. Ratiba ya marejesho inakwambia upesi, angalia tu safu ya riba kama inashuka kila mwezi au imesimama. (Kuna ratiba nyingine ambazo rejesho zima ni sawa kila mwezi lakini ndani yake riba inashuka na msingi unapanda, hiyo nayo ni ya salio linalopungua, usiiogope.)

Sasa miezi 3 ya mwanzo wote walilipa vizuri. Salio la benki likawa 900,000, na daftari likasoma hivyohivyo, C kwa mfano kabakiwa na 135,000 kwa sababu kila mwezi anashusha 15,000. Mwezi wa 4 C akakwama. Alitakiwa alete 17,700, yani 15,000 ya msingi na 2,700 ya riba ya sehemu yake. Hakuleta. Rejesho la kikundi zima lilikuwa 118,000, wenzake wakapeleka zao tu, 100,300. Mwezi wa 5 tena C hakuleta, safari hii alitakiwa 17,400, wenzake wakapeleka 98,600.

Mhazini anaandika kwenye daftari kwamba wote wamelipa isipokuwa C. Ukijumlisha daftari baada ya mwezi wa 5, wale watano waliolipa wanadaiwa 595,000 na C bado ana 135,000 yake ya msingi, jumla 730,000. Halafu mnafungua stetimenti, benki inasema 736,339. Hapo ndipo kikao kinapoanza kuwaka, wengine wanasema benki wezi, wengine wanamwangalia mhazini kwa jicho la pembeni, na 6,339 haina mwenyewe.

Mwenyewe yupo. Angalia stetimenti mstari wa mwezi wa 5, wa ile 98,600 iliyoingia. Benki imeigawa hivi: faini 885, riba 16,354, msingi 81,361. Wenzake C kwa hesabu zao walikuwa wanalipa msingi wa 85,000 na riba ya 13,600, ila benki haijui kwamba hela hiyo ni ya A au B au D, yenyewe imepokea hela ya kikundi, na mkataba unasema malipo yoyote yanakata kwanza faini, kisha riba, kinachobaki ndiyo kinaenda kwenye msingi. Kwa hiyo hela ya waliolipa imetumika kwanza kulipa faini na riba ya C.

Tufuatilie mwezi kwa mwezi. Mwezi wa 4 riba ya mkopo mzima ilikuwa 18,000, benki ikaichukua yote kwenye ile 100,300 pamoja na 2,700 ya C ambaye hakuleta kitu, ikabaki 82,300 kushusha msingi. Salio likawa 817,700. Kwa kuchelewesha 17,700 benki ikaweka faini ya asilimia 5, ndiyo hiyo 885, ikaikata rejesho lililofuata. Mwezi wa 5 riba ikahesabiwa kwenye 817,700 ikawa 16,354, na ukitoa 13,600 ya wale watano inabaki 2,754 ambayo ni riba ya C, imepanda kidogo kuliko ya mwezi wa 4 kwa sababu ile 2,700 ambayo hakulipa sasa nayo imo ndani ya salio inazaa. Jumlisha 2,700 na 885 na 2,754. Unapata 6,339 kamili.

Kwa hiyo sehemu ya C sio 135,000, ni 141,339. Na wale wengine wako palepale walipotakiwa wawe: A 175,000, B 140,000, D 105,000, E 87,500, F 87,500. Jumlisha wote sita upate 736,339, daftari na benki vimekutana. Mimi naona hii ndiyo hatua moja ambayo kikundi kikiifanya kila mwezi nusu ya fitina zinaisha, yani mhazini asimamishe kikao dakika kumi, asome salio la benki, asome jumla ya daftari, na tofauti ikiwepo itafutiwe jina siku hiyohiyo wakati kila mtu anakumbuka nani hakuleta.

Kanuni ukitaka kuiweka kwenye ekseli ni hii, kwa kila mwanachama kila mwezi:

```
salio jipya = salio la zamani + riba yake + faini yake - alicholipa
riba yake   = salio la zamani x 2%
```

Ukimwekea C sifuri kwenye alicholipa inakuja yenyewe: 135,000 + 2,700 = 137,700 mwezi wa 4, kisha 137,700 + 2,754 + 885 = 141,339 mwezi wa 5. Cha muhimu ni kwamba faini iandikwe kwa aliyeisababisha tu, isigawanywe kwa kikundi kizima. Mkikubaliana kuigawanya sawa, haya, ila iwe mmekubaliana na imeandikwa kwenye muhtasari, sio kwamba mhazini kaamua mwenyewe usiku.

Sasa kuna njia ya mkato ambayo vikundi vingi vinatumia na inaumiza watu kimyakimya. Wanachukua salio la benki wanaligawa kwa uwiano wa mgao wa mwanzo. A alichukua robo ya mkopo, basi A anadaiwa robo ya salio. Inasikika haki kabisa. Fanya hesabu uone, robo ya 736,339 ni 184,085, wakati A kwa malipo yake anadaiwa 175,000. Ameongezewa 9,085 kwa kosa la kulipa kila mwezi. Na C ambaye alichukua asilimia 15 anaambiwa anadaiwa 110,451 wakati deni lake halisi ni 141,339, kapunguziwa karibu 31,000 kwa kutolipa. Njia hii iko sawa tu mradi kila mtu amelipa kila mwezi bila kukosa, siku mmoja akikosa inageuka kuwa zawadi kwa aliyekosa. Ukiona kwenye kikundi chenu sehemu ya kila mtu inapanda na kushuka kwa pamoja kama maji kwenye mabomba yaliyounganishwa, hata ya mtu aliyelipa ziada mwezi huo, jua ndiyo hesabu inayotumika.

Haya, hiyo ni namba ya kwanza. Namba ya pili haipo kwenye stetimenti, ipo kwenye maneno ya mkataba, na inabidi usome sentensi yenyewe kwenye fomu ya dhamana. Unatafuta moja ya mambo matatu.

La kwanza, kila mmoja anawajibika kwa sehemu yake tu. Hapo C akishindwa, benki inamfuata C. Hii kwenye mikopo ya vikundi ni nadra, kwa sababu benki ilitoa mkopo bila hati za nyumba ikitegemea kwamba mtadhaminiana. La pili, mnawajibika kwa pamoja, yani deni ni la wote kama kundi moja, na jinsi benki inavyowafuata hapo inategemea sheria ya nchi. La tatu ndiyo la kawaida zaidi, na linaandikwa "kwa pamoja na kila mmoja peke yake" au maneno yanayofanana na hayo. Hapo benki ina ruhusa ya kuchagua. Inaweza kuwadai wote, inaweza kumdai mmoja deni lote, inaweza kumwacha C kabisa kwa sababu hana kitu ikaenda kwa H ambaye ana mshahara unaopita kwenye benki hiyohiyo. Kwenye mfano wetu, baada ya mwezi wa 5 mkopo ukitangazwa umevunjika na deni lote kuitwa kwa mkupuo, sehemu ya H ni sifuri na kiasi ambacho H anaweza kudaiwa ni 736,339 pamoja na riba na faini zitakazoendelea. Namba zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja na hazipingani, moja ni ya H na wenzake, nyingine ni ya H na benki.

Ndiyo maana maneno ya "mimi sikuchukua hata senti" hayamsaidii H mbele ya benki. Dhamana haiulizi nani alikula hela, inauliza nani alisaini. Na kinyume chake pia ni kweli, mtu aliyejiunga na kikundi baada ya mkopo na hakusaini dhamana, kwa kawaida habanwi yeye binafsi na mkopo ule. Ila akiba yake aliyoweka kwenye akaunti ya kikundi ni habari nyingine, tunaifikia sasa hivi.

Kwenye fomu hiyohiyo angalia vitu viwili zaidi. Kuna dhamana yenye kikomo, "mpaka kiasi cha fulani", na kuna isiyo na kikomo. Halafu kuna sentensi ya kwamba dhamana inahusu mkopo huu "na mikopo mingine yoyote ambayo kikundi kitachukua". Hii ya mwisho ni hatari sana, mana G anasaini mwaka huu kwa 1,200,000, mwakani viongozi wanachukua 3,000,000, na saini ya G ya zamani bado inafanya kazi bila yeye kurudi benki. Ukiikuta kabla ya kusaini, omba iandikwe namba ya mkopo au kiasi. Benki zingine zinakubali, zingine hazikubali, ila angalau unasaini ukijua.

Akiba sasa. Benki nyingi zinazokopesha vikundi zinashikilia akiba ya kikundi kama dhamana ya fedha taslimu, hamruhusiwi kuitoa mpaka mkopo uishe, na mkataba unairuhusu benki ichukue humo pale rejesho linapochelewa. Tuseme kikundi chetu kina akiba ya 360,000, ndani yake G ana 90,000 na C ana 20,000. Umeona tatizo? Akiba haijagawanyika kama mkopo ulivyogawanyika. Mtu mwenye akiba kubwa na mkopo sifuri ndiye dhamana kubwa kuliko wote, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Baada ya mwezi wa 5 benki inachoka kusubiri, inachukua kwenye akiba kiasi cha kurudisha mkopo kwenye ratiba. Ratiba inasema salio liwe 700,000, liko 736,339, kwa hiyo inakata 36,339. (Ukitaka kujua hiyo 36,339 ni nini, ni rejesho mbili za C, 17,700 na 17,400, jumlisha faini 885, jumlisha 354 ambayo ni riba ya mwezi mmoja ya ile 17,700 iliyochelewa. Faini ya rejesho la mwezi wa 5, 870, bado iko njiani itakuja na rejesho la 6.) Stetimenti ya mkopo sasa ni safi, haina malimbikizo. Akiba imebaki 323,661.

Mhazini mvivu anaandika hasara ya kikundi 36,339, anawakata wote kwa uwiano wa akiba zao. G mwenye robo ya akiba anapoteza 9,085 kwa mkopo ambao hakuchukua, na C anakatwa elfu mbili na kitu tu. Tena kwenye kikao C anasimama na stetimenti mkononi anasema "jamani mama mwenyekiti, mbona benki hainidai malimbikizo yoyote". Kweli benki haidai. Anadaiwa na G na wenzake sasa, deni limehama mlango tu.

Uandishi sahihi ni huu. Akiba ya C yote 20,000 inaisha kwanza. Zile 16,339 zilizobaki zinaandikwa kama deni jipya, C anadaiwa na kikundi, na kwenye kurasa za wenye akiba inabaki kuonekana akiba yao kamili pamoja na maelezo kwamba sehemu yake iko kwa C. Sehemu ya C kwenye mkopo wa benki inashuka kutoka 141,339 mpaka 105,000. Kwa hiyo C sasa ana madeni mawili, 105,000 kupitia benki na 16,339 kwa wenzake, jumla 121,339, na ile 20,000 ya akiba imeondoka. Ukijumlisha 121,339 na 20,000 unarudi palepale kwenye 141,339, ndiyo jinsi ya kujua hamjapoteza kitu njiani. Jaribio la kukagua ni jepesi: benki ikichukua akiba, deni la aliyekosa kwa benki na kwa kikundi likijumlishwa halitakiwi kupungua kwa zaidi ya akiba yake mwenyewe. Kama limepungua zaidi kuna mtu mwingine kalipa bila kuandikwa.

Twende kwenye hali mbaya zaidi, C katoweka kabisa, simu haipatikani, na wenzake wanaamua kulipa ili jina la kikundi lisiharibike. Turudi pale kabla akiba haijaguswa, deni lake ni 141,339. Nani anabeba? Kwa benki haina shida, yeyote. Baina yenu ndiyo kuna swali, na majibu yanatofautiana vibaya. Mkigawana kwa vichwa, watu 7 waliobaki kila mmoja anatoa 20,191, na G na H wamo. Mkigawana kwa uwiano wa mkopo baina ya wale watano waliochukua, A peke yake anabeba 41,570 na G na H hawatoi kitu. Kwa A tofauti ni zaidi ya 21,000 na kwa G ni ama sifuri ama 20,191.

Sheria za nchi nyingi zinasema aliyelipa zaidi ya fungu lake kwenye deni la pamoja ana haki ya kuwadai wenzake wachangie, na pia kumdai aliyekosa mwenyewe akipatikana. Lakini fungu ni lipi? Kama hamjaandika popote, msimamo wa kawaida ni kugawana sawa kwa vichwa, na fungu la asiye na uwezo linagawanywa kwa wenye uwezo. Yani ukimya wa katiba yenu unamwangukia G, yule ambaye hakuchukua kitu. Kikundi kikitaka vinginevyo ni lazima kiandike, na mistari minne kwenye muhtasari wa kikao cha kupitisha mkopo inatosha: sehemu ya kila mtu ni kiasi kilicho kwenye orodha ya mgao pamoja na riba na faini zake, akiba ya aliyekosa inatumika kwanza, kinachobaki kinabebwa na waliochukua mkopo kwa uwiano wa mgao wao, na aliyembebea mwenzake anamdai. Wote wasaini, sio viongozi tu. Muhtasari huu haubani benki hata kidogo, benki itaendelea kumdai yeyote, ila baina yenu una nguvu na ndio mtakaoenda nao kwa msuluhishi au mahakamani.

Kwa maoni yangu G na H hawakutakiwa kusaini dhamana bila malipo yoyote. Vikundi vingine vinawapa wadhamini wasiokopa sehemu kidogo ya ada ambayo wakopaji wanachangia, na hiyo ni haki, mana wanabeba hatari ya kweli, 90,000 ya G imefungwa mwaka mzima kwa ajili ya mkopo wa watu wengine.

Mwisho kuna suala la anayetaka kutoka. E anapata hela mwezi wa 5, analeta 87,500 yote, anasema nimemaliza na kikundi pia nimetoka. Kwenye daftari sehemu yake inakuwa sifuri, sawa. Kwa benki hela yake imeingia kwenye mkopo wa kikundi, na hapa uliza kwanza kama itashusha msingi au itakaa kama malipo ya mbele ya rejesho zijazo, kwa sababu ikikaa kama malipo ya mbele wengine wataona mwezi huu benki haidai kitu, watapumzika kulipa, na hela ya E itakuwa imewalipia wao bila mtu kukusudia. Omba kwa maandishi ishushe msingi na mpewe ratiba mpya. Kuhusu dhamana, kulipa sehemu yake hakujamtoa E, na kutoka kwenye kikundi hakujamtoa pia. Anatoka siku benki inapoandika barua ya kumwachia, na benki ina haki ya kukataa au kutaka mdhamini mwingine asaini badala yake. Bila hiyo barua E abaki anaomba stetimenti kila mwezi kama mwanachama, akiba yake isirudishwe yote kabla hajaelewa kwamba bado yumo, na siku mkopo ukiisha achukue nakala ya barua ya benki inayosema deni limekwisha na dhamana zote zimeachiwa, yenye namba ya mkopo ileile iliyoko kwenye fomu aliyosaini.